Jenzii Si Jibu

Kila wiki kuna mtu na chati yake. Nguzo mbili: vijana huku, wazee kule. Juu yake kichwa kimeandikwa kwa herufi nene: Jenzii hawaiamini serikali. Au Jenzii hawaendi kanisani. Au Jenzii hawana haja na ndoa. Na sisi wenyewe, wasee tunaochorwa kwenye hizo nguzo, ndio wa kwanza kuisambaza, kwa sababu ni raha kuambiwa wewe ni aina mpya ya binadamu.

Nina ugomvi na hiyo chati. Nambari zake zinaweza kuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba haiwezi kusema inachodai kusema, na anayeichora kwa kawaida anajua hivyo au alipaswa kujua.

Ukikuta watu wa miaka 22 wanatofautiana na watu wa miaka 52, kuna sababu za aina tatu. Ya kwanza ni umri: mtu wa 22 yuko pale ambapo huyo wa 52 alikuwa zamani, na akifika huko atafanana naye. Ya pili ni wakati: kuna jambo limepiga nchi nzima mwaka huu, wazee kwa vijana, na matokeo ya utafiti yameyumba nalo. Ya tatu ni rika: waliozaliwa kipindi fulani walipitia kitu wakiwa wadogo, kikawaingia, na wanatembea nacho hadi kaburini.

Wazee wetu hawakuchanganya haya. Umorani kwa Mmaasai ni hatua. Kila mwanamume anaipita, anaiacha nyuma, anakuwa mzee. Lakini jina la rika lake haliachi. Atazeeka nalo na kufa nalo. Na mwaka wa ukame ni kitu kingine tena, kwa sababu ukame hauulizi wewe ni wa rika gani. Maneno matatu kwa mambo matatu. Sisi tumeyatupa yote kwenye gunia moja tukaliandika Jenzii.

Tofauti hii ina uzito wa kisiasa. Kumbuka Juni 2024. Vijana walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia Bungeni, na kesho yake Rais akasema hatautia saini. Tangu hapo nimesikia maelezo matatu. Kuna wanaosema hawa ni watoto, wakipata kazi na familia watatulia: hiyo ni hoja ya umri, na dawa yake ni kungoja. Kuna wanaosema maisha yamepanda, kila mtu amekasirika, ila vijana ndio wana nguvu ya kukimbia: hiyo ni hoja ya wakati, na dawa yake ni kushusha bei na kodi. Na kuna wanaosema hiki ni kizazi kisichoogopa, hakirudi nyuma: hiyo ni hoja ya rika, na dawa yake ni kubadilisha namna nchi inavyoongozwa, kwa maana hawa watu wataendelea kuwa hivi hata wakiwa na mvi. Hizo ni bili tatu tofauti kabisa. Anayekuonyesha nguzo mbili na kukuambia ni "kizazi" amekuchagulia bili bila kukuambia kuna nyingine.

Mtu aliyesoma kidogo atasema: basi tusitumie utafiti mmoja, tutumie ule unaorudiwa miaka mingi. Sawa. Afrobarometer imekuwa ikiwauliza Wakenya maswali tangu 2003. Lakini hata hapo kuna mtego, na ndio watu wengi hawauoni. Acha nitumie nambari za kubuni, kwa sababu mtego wenyewe ni wa hesabu na hauhitaji nchi yoyote.

Tuseme kila baada ya miaka kumi tunauliza watu kama wanaiamini serikali. Asilimia ya wanaosema ndiyo inatoka hivi:

| Umri | 2004 | 2014 | 2024 |
|---|---|---|---|
| 20 | 50 | 45 | 40 |
| 30 | 55 | 50 | 45 |
| 40 | 60 | 55 | 50 |

Soma kwanza kwa kwenda chini: kila mwaka, mkubwa anaamini kuliko mdogo. Soma kwa kwenda kulia: kila umri, imani inashuka. Sasa soma kwa mshazari. Waliozaliwa 1984 walikuwa na miaka 20 mwaka 2004, 30 mwaka 2014, 40 mwaka 2024. Wanatoa 50, 50, 50. Hawajasogea hata kidogo.

Mtu wa rika ataruka juu: "Si mnaona? Kila kizazi kimeganda na imani yake, na kila kizazi kipya kinazaliwa na pungufu ya pointi tano." Jibu lake linalingana na visanduku vyote tisa.

Lakini mtu mwingine atasema: "Hapana. Rika halihusiki kabisa. Mtu akiongeza miaka kumi anaongeza pointi tano za imani, kwa sababu anapata shamba, watoto, kitu cha kulinda. Wakati huohuo serikali inazidi kuharibu, na kila muongo unamnyang'anya kila mtu pointi tano. Waliozaliwa 1984 wanaonekana wamesimama kwa sababu wanapanda ngazi inayoshuka." Naye pia analingana na visanduku vyote tisa.

Halafu anakuja wa tatu na jambo la ajabu zaidi: umri unaongeza pointi kumi kila muongo, nyakati zinapunguza kumi, na kila rika jipya linaongeza tano. Yaani vijana wa leo kwa asili yao wana imani kubwa kuliko wazazi wao, ila wamekutwa na nyakati mbaya wakiwa bado wadogo. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Aliyezaliwa 2004 anaanzia 50, rika lake linampa 10 zaidi, nyakati tangu 2004 zinamtoa 20, anabaki na 40. Ndiyo nambari iliyo kwenye jedwali. Sikumaliza chuo, na hili halihitaji digrii, ni kujumlisha na kutoa.

Hadithi tatu, data moja, na data haiwezi kuchagua. Sababu yake iko wazi:

```
umri = mwaka wa utafiti - mwaka wa kuzaliwa
```

Ukijua viwili, cha tatu umeshakijua. Huwezi kumpata mtu wa miaka 30 aliyehojiwa 2024 ambaye hakuzaliwa 1994 au karibu na hapo, kwa hivyo huwezi kuushika umri na mwaka wa kuzaliwa pasipo kusogea halafu ukabadilisha mwaka wa utafiti peke yake. Kuongeza watu hakusaidii. Kuongeza miaka hakusaidii. Ukihoji Wakenya wote kila mwaka kwa karne nzima, hiyo mistari mitatu iliyonyooka itabaki imesukana.

Kumbuka nimesema mistari iliyonyooka. Migongo na mabonde yanaonekana. Kama mwaka mmoja imani imeporomoka ghafla kwa watu wa kila umri halafu ikarudi, huo ni wakati, hakuna ubishi. Kama waliozaliwa ndani ya miaka mitano fulani wametokeza tofauti na waliowatangulia na waliowafuata, kila mara wanapohojiwa, hilo ni rika. Kinachogoma kutengana ni mwelekeo wa taratibu, ule wa kupanda au kushuka kidogokidogo. Na habari za Jenzii karibu zote ni za mwelekeo wa taratibu.

Na hadithi hizo tatu hazifiki mahali pamoja. Tuseme nyakati zinaacha kuharibika leo. Waliozaliwa 2004 watakuwa na miaka 30 mwaka 2034. Kwa hadithi ya kwanza bado wako 40. Kwa ya pili wako 45. Kwa ya tatu wako 50. Mwanasiasa anayepanga kura ya miaka hiyo anahitaji sana kujua ni ipi, na jedwali halitamwambia.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa programu. Ukiingiza umri, mwaka na rika kwa pamoja kwenye kompyuta, hesabu inakwama, kwa sababu majibu ni mengi bila mwisho. Basi wataalamu wametafuta njia za kuilazimisha ichague moja. Mwaka 2004 Yang Yang, Wenjiang Fu na Kenneth Land waliwaeleza wanasosholojia njia iliyopendwa sana, kwa sababu ilitoa jibu moja safi bila mtafiti kuonekana ameamua chochote. Mwaka 2013 Liying Luo alionyesha kwenye jarida la Demography kwamba uamuzi upo, umefichwa tu ndani ya hesabu: njia ile nayo inaweka sharti lake kuhusu mwelekeo wa mistari mitatu, na sharti hilo linategemea hata idadi ya makundi ya umri uliyogawa. Kama dunia haikufuata sharti lile, jibu safi ni jibu la uongo.

Sisemi tukate tamaa. Nasema kitu kinachoweza kutenganisha haya matatu hakiko ndani ya data. Lazima kitoke nje: ujuzi halisi wa jambo lenyewe linaloulizwa. Hapa nina mfano wa kwetu, na si mfano mwepesi.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini, ule unaoitwa KDHS, umekuwa ukiwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kama wamekeketwa. Mwaka 1998 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 38. Mwaka 2003, 32. Mwaka 2008-09, 27. Mwaka 2014, 21. Mwaka 2022, 15. Kila ripoti ikitoka, maafisa wanapiga makofi.

Sasa tazama ndani ya utafiti wa 2014 peke yake. Wasichana wa miaka 15 hadi 19: takriban asilimia 11. Wanawake wa 45 hadi 49: takriban 41. Kama ningekuficha swali lenyewe, ungeweza kudhani ni tabia inayokuja na umri, kama kuvaa miwani. Lakini tunajua swali ni nini. Ukeketaji unafanyika utotoni au ujanani, na ukifanyika haufutiki. Mtu akishavuka miaka ya ishirini hivi, kuzeeka hakumwongezei wala kumpunguzia. Kwa hivyo mstari wa umri, kwa wanawake wazima, ni sifuri. Hatukuambiwa na kompyuta. Tumeuleta sisi, kutoka kwenye ujuzi wa maisha, na tunaweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Ukishausimamisha mstari mmoja, mingine miwili inaachana. Ile tofauti ya 11 na 41 ni ya rika: waliokuwa wasichana mwishoni mwa miaka ya 1970 na 1980 walikeketwa zaidi kuliko waliokuwa wasichana baada ya 2000. Maana yake ile asilimia moja ya nchi nzima inashuka polepole kwa sababu wanawake wakubwa wanafika 50 na kutoka kwenye hesabu, huku wasichana wanaingia kutoka chini. Sehemu kubwa ya ushindi unaotangazwa leo ni maamuzi yaliyofanywa nyumbani kwa watu miaka thelathini iliyopita. Hata serikali ikilala usingizi kabisa, nambari hiyo itaendelea kushuka kwa muda.

Na bado kuna kitu cha pili, na hiki ndicho kinanikosesha raha. Rika lililokwisha kuwa watu wazima halipaswi kubadilika. Tuwafuate. Waliokuwa na miaka 45 hadi 49 mwaka 2022 walikuwa na takriban 37 hadi 41 mwaka 2014, yaani wamekalia mpaka wa makundi mawili ya utafiti ule: la 35 hadi 39, lililotoa takriban 28, na la 40 hadi 44, lililotoa takriban 32. Tungetarajia watoe kama 30 mwaka 2022. Wametoa 23.

Pointi saba hivi zimeenda wapi? Hakuna mwanamke anayerudi kuwa hajakeketwa. Kila utafiti huchagua kaya nyingine, kwa hivyo pointi mbili tatu zinaweza kuwa bahati ya sampuli tu. Vifo na kuhama nchi vinaweza kula kidogo, lakini ili vile zote saba, waliokeketwa wangelazimika kutoweka kwa kasi ya kutisha kuliko wenzao. Kinachobaki ni wakati, na wakati hapa hauko mwilini, uko mdomoni. Sheria ya Kuzuia Ukeketaji ilipitishwa 2011. Mgeni akibisha mlango na fomu mkononi na kuuliza kuhusu jambo ambalo sasa ni jinai na aibu, kuna atakayejibu hapana. Haya yameshashuhudiwa kwingine: Navrongo, kaskazini mwa Ghana, wanawake walewale waliohojiwa 1995 walihojiwa tena 2000, na baadhi ya waliokuwa wamesema ndiyo walisema hapana.

Unaona uzito wake? Kama mama wa miaka 47 anaficha kilichofanyika 1985, msichana wa miaka 16 ambaye wazazi wake wanaweza kushtakiwa ana sababu kubwa zaidi ya kuficha kilichofanyika majuzi. Ile takriban 9 ya wenye miaka 15 hadi 19 mwaka 2022 ni mchanganyiko wa habari njema na ukimya, na jedwali la msichana mwenyewe halituambii kila moja ni kiasi gani. Yule mama ndiye anatusaidia kukisia, kwa sababu kwake tunajua kilichokuwa kimesemwa mwanzo. Mtu anayechora mstari wa 38 hadi 15 na kuandika "Jenzii wanamaliza ukeketaji" amezika swali lililo hai.

Kuna na mtego mdogo unaofaa kukumbukwa. Utafiti wa 1998 haukufika Kaskazini Mashariki, ambako ukeketaji ulikuwa karibu kwa kila mwanamke. Ule wa 2003 ulifika. Ukilinganisha hizo mbili bila kujua, unadhani unapima mabadiliko ya watu kumbe ramani yenyewe imebadilika. Hapa kwa bahati kosa linaenda kinyume, kwa sababu kuongeza eneo lile kulipaswa kupandisha asilimia na bado ilishuka. Lakini ungejuaje bila kusoma kurasa za nyuma za ripoti?

Rudi sasa kwenye imani kwa serikali, dini, ndoa, kura. Je, kuna mstari tunaoweza kuusimamisha kwa sifuri na kuutetea kama tulivyofanya hapo? Mimi siuoni. Kuzeeka kunabadilisha maoni. Nyakati zinabadilisha maoni. Malezi yanabadilisha maoni. Basi mwandishi mwaminifu atasema: nadhani umri unaongeza kati ya kiasi hiki na kile, kwa sababu hii, na kama ni hivyo, rika limechangia kati ya hiki na kile. Atatoa masafa badala ya nambari moja. Hatapata kichwa cha habari kitamu. Sawa tu.

Na akitaka kudai rika, aniambie ni nini kiliwapitia. Mkenya aliyeanza darasa la kwanza Januari 2003, masomo ya msingi yalipofanywa bure, huyo ana kitu ambacho kaka yake mkubwa hakuwa nacho, na unaweza kwenda kukitafuta. Lakini mipaka ya Jenzii, kuanzia 1997, tumeiokota Marekani, kwa Pew Research Center. Na Pew wenyewe, baada ya wanasosholojia wengi kuwaandikia barua ya wazi 2021, walitangaza 2023 kwamba hawatagawa watu kwa majina ya vizazi ovyo, na kwamba watalinganisha vizazi pale tu wanapokuwa na data ya zamani ya watu wa umri uleule. Mwenye duka amepunguza bidhaa, sisi bado tunauza rejareja.

Kwa hivyo mhariri akikuletea nguzo mbili, muulize watu wa miaka 22 walijibuje walipoulizwa hivihivi mwaka 2004. Kama hana, hana habari ya kizazi, ana habari ya vijana na wazee wa mwaka mmoja, aiite hivyo. Kama anayo, muulize amedhani nini kuhusu umri, na kwa nini. Akisema kompyuta ndiyo imeamua, mrudishie chati yake.

Na wale wanaotungojea "tutulie" nao wana deni hilohilo. Kusema vijana watakua ni kudai unajua ukubwa wa mstari wa umri. Hamuujui. Mnautamani.